Kuhesabu Bloku za Ukuta wa Uzio na Kutoa Nafasi za Geti

Swali la kuhesabu bloku za uzio huonekana jepesi likisomwa mara ya kwanza. Tafuta eneo la ukuta, toa eneo la geti, kisha gawanya kwa eneo la bloku moja. Watahiniwa wengi wanaijua njia hiyo, na bado majibu yao hupishana kwa mamia ya bloku. Tofauti haitokani na kugawanya vibaya. Hutokana na kupima kitu ambacho si ukuta wa bloku: kona iliyohesabiwa mara mbili, nguzo ya zege iliyohesabiwa kama bloku, au bloku iliyopimwa bila kiungo chake. Kwa hiyo, kila unapoandika kipimo katika swali la namna hii, jiulize kwanza: je, mahali hapa bloku inakaa kweli?

Tutalifanya swali moja kwa ukamilifu.

Swali la mfano

Kiwanja cha mstatili kinazungushiwa ukuta wa bloku za saruji zenye matundu. Vipimo vya nje vya ukuta ni mita 30 kwa mita 20, na kimo chake kuanzia juu ya msingi ni mita 2.4. Kila bloku ina urefu wa milimita 390, kimo cha milimita 190 na unene wa milimita 190. Viungo vyote vina unene wa milimita 10. Upande wa mbele kuna geti la magari lenye nafasi ya mita 3.6 kati ya nguzo mbili za zege. Kila nguzo ina upana wa mita 0.4 na inafika juu ya ukuta. Geti lenyewe lina kimo cha mita 2.2 na juu yake hakuna ukuta. Upande huohuo kuna mlango mdogo wa waenda kwa miguu wenye upana wa mita 1.0 na kimo cha mita 2.0. Juu ya mlango huo kuna lenta ya zege yenye urefu wa mita 1.4 na kimo cha mita 0.2. Tafuta idadi ya bloku zinazohitajika, ukiongeza asilimia 5 kwa ajili ya upotevu.

Bloku moja huchukua nafasi kiasi gani ukutani

Bloku haikai ukutani peke yake. Chini yake kuna mchanganyiko wa saruji na mchanga, na ubavuni kuna mwingine unaoiunganisha na jirani yake. Ukipima kutoka mwanzo wa bloku moja hadi mwanzo wa bloku inayofuata katika kozi ileile, hupati milimita 390. Unapata 390 za bloku na 10 za kiungo, yaani 400. Ukipima kwenda juu, kutoka kozi hadi kozi, unapata 190 na 10, yaani 200. Nafasi ambayo bloku moja inaichukua kwenye uso wa ukuta ni hii:

0.4 m × 0.2 m = 0.08 m²

Idadi ya bloku katika mita moja ya mraba = 1 ÷ 0.08 = 12.5

Ona kwamba kiungo kimeongezwa mara moja tu kwa kila upande. Wapo wanaoongeza milimita 20, wakifikiri kwamba bloku ina kiungo kushoto na kulia. Ni kweli inacho pande zote mbili, lakini kiungo cha kulia ndicho cha kushoto cha jirani yake. Bloku mbili zinagawana kiungo kimoja, kwa hiyo kila moja inahesabiwa kiungo kimoja.

Unene wa bloku haukuingia katika hesabu hii, na matundu pia hayakuingia. Tunahesabu uso wa ukuta unaouona ukisimama barabarani, na kutoka huko tundu halionekani. Tundu hupunguza uzito wa bloku na kiasi cha zege kilichotumika kuifyatua, lakini halipunguzi nafasi ambayo bloku inaikalia. Hata pale fundi anaposimamisha nondo ndani ya matundu ya kona na kuyajaza zege, bloku bado ipo palepale na inahesabiwa. Mtahiniwa anayetoa eneo la matundu amepoteza muda, na jibu lake pia si sahihi.

Mwanafunzi anayesahau kiungo atagawanya kwa 0.39 × 0.19, yaani 0.0741, na kupata karibu bloku 13.5 kwa mita ya mraba. Kuzidi kwa bloku moja kwa kila mita kunaonekana kitu kidogo. Mwishoni tutaona kunagharimu kiasi gani.

Urefu wa ukuta: angalia kona

Vipimo vya nje vya uzio ni mita 30 kwa mita 20. Mzingo wa nje ni 2 × (30 + 20) = mita 100. Wengi huishia hapo na kuzidisha kwa kimo.

Chora kona moja ya ukuta ukiwa unaitazama kutoka juu. Ukuta wa mita 30 unafika hadi ukingo wa nje wa kona. Ukuta wa mita 20 nao, ukipimwa kwa nje, unafika hadi ukingo uleule. Kile kipande cha mraba cha milimita 190 kwa 190 kilichopo konani kimehesabiwa katika kuta zote mbili, lakini bloku haziwezi kuwekwa mara mbili mahali pamoja. Ukijenga kwanza kuta mbili ndefu kwa ukamilifu wake, zile fupi zitaingia katikati yao, na urefu wa kila moja utakuwa:

20 − 0.19 − 0.19 = 19.62 m

Urefu wote = 30 + 30 + 19.62 + 19.62 = 99.24 m

Njia ya mkato ni kutumia mstari wa kati wa ukuta. Chukua mzingo wa nje, kisha toa unene mmoja wa ukuta kwa kila kona:

100 − (4 × 0.19) = 99.24 m

Njia zote mbili zinakubaliana, nawe tumia ile unayoweza kuieleza. Mimi hupendelea kuchora kona, hasa uzio unapokuwa na umbo lisilo mstatili, kwa sababu mchoro hukuonyesha kosa kabla halijaingia kwenye hesabu.

Kabla ya kutoa chochote, soma vizuri swali linasema vipimo ni vya wapi. Kama ni vya ndani, unene mmoja unaongezwa kwa kila kona badala ya kutolewa, na hapa tungepata mita 100.76. Kama ni vya mstari wa kati, huongezi wala hutoi. Na kama ukuta ni mmoja ulionyooka, hauna kona, basi urefu uliopewa ndio unaotumia.

Nafasi za geti na mlango

Sehemu hii ndiyo yenye mitego mingi, nayo inahitaji utulivu.

Anza na geti la magari. Swali limekupa kimo cha geti, mita 2.2, na mkono wako utataka kuandika 3.6 × 2.2. Usiandike. Juu ya geti hakuna ukuta wala lenta. Ni wazi hadi angani. Ukuta umekatika kutoka juu ya msingi hadi mwisho wake wa juu, kwa hiyo kimo unachotoa ni kimo cha ukuta, mita 2.4. Kimo cha geti ni habari ya mchomeleaji anayelitengeneza, si ya mwashi. Ukitoa mita 2.2 unabakiza utepe wa ukuta wenye kimo cha mita 0.2 unaoelea juu ya geti bila kushikiliwa na kitu. Vivyo hivyo, kama geti lingekuwa refu kuliko ukuta, tuseme mita 2.8, bado ungetoa 2.4 tu. Huwezi kutoa ukuta ambao haukuwepo.

Sasa nguzo. Mita 3.6 ni nafasi iliyo wazi kati ya nguzo, sehemu ambayo gari linapita. Nguzo zenyewe zimemwagwa zege, na ndani yake hakuna bloku. Ukuta wa bloku unaishia kwenye uso wa nje wa nguzo ya kushoto na unaanza tena baada ya nguzo ya kulia. Upana unaotolewa ni:

0.4 + 3.6 + 0.4 = 4.4 m

Eneo la geti pamoja na nguzo = 4.4 × 2.4 = 10.56 m²

Kama swali lingesema nguzo zimejengwa kwa bloku, usingezitoa kwa namna hii. Ungetoa ile mita 3.6 pekee katika eneo la ukuta, kisha bloku za ziada za unene wa nguzo zingehesabiwa kivyake kufuatana na mchoro. Na kama swali limetaja upana wa geti bila kusema neno lolote kuhusu nguzo, toa upana uliotajwa na uandike katika jibu lako kwamba umechukulia hakuna nguzo za zege. Sentensi hiyo moja humwonyesha msahihishaji kwamba umelifikiria jambo hilo.

Mlango mdogo ni tofauti na geti, kwa sababu juu yake ukuta unaendelea. Kutoka juu ya msingi kuna mita 2.0 za nafasi ya mlango, halafu mita 0.2 za lenta, halafu mita 0.2 zinazobaki, ambazo ni kozi moja ya bloku inayokaa juu ya lenta. Jumla ni 2.4, sawasawa na kimo cha ukuta. Kwa hiyo hapa unatoa nafasi ya mlango na lenta, lakini ile kozi ya juu inabaki.

Lenta ni ndefu kuliko mlango kwa mita 0.4, kwani lazima iegemee ukuta mita 0.2 kila upande. Katika maegemeo hayo zege limechukua nafasi ya bloku, ndiyo maana tunatumia urefu wote wa mita 1.4.

Nafasi ya mlango = 1.0 × 2.0 = 2.00 m²

Lenta = 1.4 × 0.2 = 0.28 m²

Kukamilisha hesabu

Eneo lote la ukuta = 99.24 × 2.4 = 238.176 m²

Eneo la kutoa = 10.56 + 2.00 + 0.28 = 12.84 m²

Eneo la bloku = 238.176 − 12.84 = 225.336 m²

Idadi ya bloku = 225.336 × 12.5 = 2,816.7

Kuongeza asilimia 5 = 2,816.7 × 1.05 = 2,957.535

Jibu: bloku 2,958.

Tumekadiria kwenda juu, na mara moja tu, mwishoni. Hata desimali ingekuwa .1 bado tungepanda, kwa sababu bloku hainunuliwi kipande na ukuta ukipungukiwa na kipande kimoja haujakamilika.

Asilimia ya upotevu huongezwa baada ya kutoa nafasi, si kabla. Hakuna bloku inayovunjika ndani ya nafasi ya geti. Ukiongeza asilimia 5 kwenye ukuta mzima kisha ukatoa bloku za nafasi, utapata 2,966, yaani bloku nane zaidi ambazo hazina kazi. Upotevu wenyewe upo kweli na si namba ya kupamba swali. Bloku zenye matundu huvunjika kuta zake nyembamba zinapopakuliwa kwenye lori, na zinapokatwa nusu pembeni mwa mlango mara nyingi nusu moja hupasuka.

Kuhakiki kwa kozi

Ukibakiwa na dakika tano, hakiki jibu kwa njia ambayo fundi huitumia akiwa kiwanjani. Yeye huhesabu kozi, si mita za mraba.

Kimo cha mita 2.4 kikigawanywa kwa 0.2 kinatoa kozi 12 kamili: bloku 12 na viungo 12, cha kwanza kikiwa kati ya msingi na bloku ya chini. Kozi moja inayozunguka uzio bila kukatika ina bloku 99.24 ÷ 0.4 = 248.1. Kozi 12 zina bloku 2,977.2.

Geti na nguzo zake hukata kila kozi kwa mita 4.4, sawa na bloku 11. Kwa kozi 12 ni bloku 132. Mlango hukata mita 1.0, sawa na bloku 2.5, katika kozi 10 za chini, na hizo ni bloku 25. Lenta iko kwenye kozi ya 11 nayo hukata mita 1.4, sawa na bloku 3.5. Kozi ya 12 inapita juu ya lenta bila kukatwa na mlango. Jumla ya kutoa ni 132 + 25 + 3.5 = 160.5.

2,977.2 − 160.5 = 2,816.7

Ni namba ileile. Majibu mawili yasipolingana, kosa karibu kila mara liko kwenye kimo cha nafasi au kwenye nguzo. Tafuta huko kwanza.

Sasa turudi kwa yule aliyesahau kiungo. Yeye atagawanya 225.336 kwa 0.0741 na kupata bloku 3,041 kabla ya upotevu. Amezidisha bloku 224. Tuseme bloku moja inauzwa shilingi 2,000: amemtoza mwenye kiwanja shilingi 448,000 kwa bloku zitakazobaki zimepangwa nyuma ya nyumba. Na aliyesahau kutoa nguzo na kozi za geti amezidisha pia, ila yake ni makumi tu.

Bloku za inchi 18 kwa 9

Swali linaweza kutumia bloku ya inchi 6 iliyozoeleka Tanzania, ambayo uso wake ni inchi 18 kwa 9 na huandikwa kwa kifupi 450 × 225 × 150. Hapo swali lazima lisomwe mara mbili. Je, 450 kwa 225 ni bloku yenyewe, au ni bloku pamoja na kiungo?

Kama kiungo kimo ndani, bloku moja huchukua 0.45 × 0.225 = 0.10125 m², na mita 100 za mraba zinahitaji bloku 988. Kama ni bloku yenyewe na kiungo cha milimita 10 kinaongezwa, basi ni 0.46 × 0.235 = 0.1081 m², na zinahitajika 926. Tofauti ni bloku 62 katika kila mita 100 za mraba. Kanuni ya haraka ya "bloku 10 kwa mita ya mraba" inafaa kwa makadirio ya mdomo, lakini katika mtihani itumie kujipima tu, usiitoe kama jibu.

Kwa bloku hii kozi nazo hazigawanyiki vizuri. Mita 2.4 kwa 0.225 ni kozi 10.67. Fundi hajengi kozi 0.67 kwa urefu wote wa uzio; atajenga kozi 11, na ukuta utafika mita 2.475, au ataishia kwenye 10 na kufunika juu kwa zege. Swali likikupa kimo kisichogawanyika, tumia njia ya eneo isipokuwa limekuagiza uhesabu kozi. Likisema kozi, panda hadi kozi kamili kwanza ndipo uhesabu bloku.

Zoezi

Ukuta mmoja ulionyooka una urefu wa mita 42 na kimo cha mita 1.8 juu ya msingi. Unajengwa kwa bloku zenye matundu za milimita 390 × 190 × 190, viungo vikiwa milimita 10. Kuna geti lenye nafasi ya mita 3.2 kati ya nguzo mbili za zege zenye upana wa mita 0.4 kila moja na kimo sawa na cha ukuta. Geti lina kimo cha mita 1.6 na juu yake ni wazi. Tafuta idadi ya bloku pamoja na asilimia 5 za upotevu, kisha hakiki kwa kozi.

Jibu: eneo lote ni 75.6 m², eneo la kutoa ni 4.0 × 1.8 = 7.2 m², eneo la bloku ni 68.4 m². Bloku ni 855, na pamoja na upotevu ni 898. Kwa kozi: kozi 9 za bloku 105 ni 945, toa bloku 10 katika kila kozi, yaani 90, zinabaki 855.